Kriatini na Figo Zako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanyanyua Vyuma wa Kigoma

Maswali haya yanarudi kila mara kwenye jimu za mjini Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Mengi yana jibu fupi. Linalowanyima watu usingizi ni lile la figo, na ndiyo maana nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine yote. Poda ninayoizungumzia hapa ni kriatini monohaidreti tupu. Zile poda za kuamsha mwili kabla ya mazoezi, zenye kafeini na rangi na majina ya kutisha, ni habari nyingine.

Kriatini ni kitu gani?

Ni kitu ambacho tayari unacho mwilini. Ini, figo na kongosho hutengeneza kama gramu 1 kwa siku kutokana na viini vya protini, na mtu anayekula nyama au samaki huongeza nyingine kutoka kwenye chakula. Mwanaume wa kilo 70 anabeba takriban gramu 120 za kriatini, na karibu yote, kama asilimia 95, imekaa kwenye misuli. Maghala hayo ya misuli mara nyingi hayajajaa. Yanaweza kufika karibu gramu 160, na kazi ya poda ni kujaza pengo hilo tu.

Monohaidreti maana yake kila chembe ya kriatini imeshikana na chembe moja ya maji. Katika gramu 100 za poda, kama gramu 88 ni kriatini yenyewe. Ziko aina nyingine zinazouzwa kwa bei ya juu zaidi kwa madai kwamba zinaingia mwilini haraka au hazijazi maji, lakini hakuna iliyothibitika kuishinda hii ya kawaida. Usilipe zaidi.

Inafanya nini kwenye misuli?

Msuli unapokaza hutumia nishati iliyofungwa katika kemikali iitwayo ATP. Akiba ya ATP ni ndogo mno. Ukinyanyua chuma kizito kwa nguvu zote, inakwisha ndani ya sekunde chache, na hapo mwili unalazimika kuitengeneza upya papo hapo. Njia ya haraka kuliko zote ni kriatini iliyobeba fosfeti: inaitoa fosfeti hiyo, ATP inarudi, na kazi inaendelea. Njia hii hutawala takriban sekunde 10 za mwanzo za juhudi kubwa, kisha sukari ya misuli inashika usukani.

Ndiyo maana faida yake inaonekana kwenye kazi fupi za nguvu nyingi zinazorudiwa, kama seti ya benchi, skwati, mbio za mita 100, au winga anayekimbia, anatembea kidogo, kisha anakimbia tena. Wakati wa kupumzika kati ya seti na seti, maghala yaliyojaa hurudisha nguvu vizuri zaidi.

Nitegemee mabadiliko gani, na baada ya muda gani?

Usitegemee muujiza. Mtu aliyekuwa anapiga repu 8 kwa uzito fulani anaweza kujikuta anapiga 9 au 10. Faida ya kweli inatokana na hizo repu za ziada zikijilimbikiza kwa wiki nyingi. Asiyefanya mazoezi akinywa kriatini atapata uzito wa maji, basi.

Maji hayo nayo yaeleweke. Katika wiki ya kwanza au ya pili mizani inaweza kupanda kilo 1 hadi 2. Kriatini inapoingia kwenye msuli huvuta maji pamoja nayo. Si mafuta, na bado si nyama mpya. Anayekuambia ameongeza kilo mbili za misuli kwa siku saba anakusomea mizani vibaya. Wapo pia wachache ambao hawaoni tofauti yoyote, hasa wale ambao maghala yao yalikuwa karibu kujaa tangu mwanzo.

Mimi nimekulia hapa, nakula migebuka na dagaa karibu kila siku. Bado naihitaji?

Swali zuri, na kwa Kigoma ni la haki kabisa. Kwa jumla kilo moja ya nyama au samaki mbichi huwa na gramu 3 hadi 5 za kriatini, na moto wa jikoni hupunguza sehemu yake. Kwa hiyo ili upate gramu 5 kutoka kwenye samaki peke yake ungehitaji kula kilo nzima au zaidi kwa siku, kila siku. Mlaji wa kawaida anapata gramu 1 au 2.

Anayekula samaki sana huanza akiwa na maghala yaliyojaa kiasi, na huenda asione tofauti kubwa. Anayeishi kwa ugali wa muhogo, maharage na sombe, au asiyekula nyama kabisa, huanza chini na mara nyingi ndiye anayefaidika zaidi. Hakuna anayeihitaji kama anavyohitaji chakula. Kama pesa inayonunua kopo ndiyo inayonunua mayai na samaki wa nyumbani, nunua samaki. Bila protini ya kutosha, kriatini haina cha kujengea.

Nani hasa inamfaa?

Anayenyanyua vyuma kwa utaratibu, mkimbiaji wa mbio fupi, mchezaji wa mpira, bondia (ila aangalie uzito kabla ya kupimwa), na mtu mzima wa miaka 50 kuendelea anayefanya mazoezi ya nguvu ili miguu isimwishie. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu faida ni ndogo, na zile kilo mbili za maji atazibeba njia nzima.

Dozi salama ni ipi? Lazima nianze na dozi kubwa?

Gramu 3 hadi 5 kwa siku, kila siku, hata siku usiyofanya mazoezi. Mwenye mwili mdogo gramu 3 zinamtosha, na mwenye kilo 90 achukue 5.

Kuna njia ya kujaza haraka: gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne za gramu 5, kwa siku 5 hadi 7, halafu unashuka kwenye gramu 3 hadi 5. Inafanya kazi. Lakini anayetumia gramu 3 tu kwa siku hufika pale pale baada ya takriban wiki nne. Tofauti ni muda tu. Kama huna mashindano wiki ijayo sioni sababu ya kuharakisha, kwa kuwa dozi kubwa ndiyo inayoleta tumbo kujaa na kuharisha, hasa ukimeza gramu 10 kwa mkupuo. Isitoshe, kopo la gramu 300 kwa gramu 5 linakaa siku 60, na kwa gramu 3 linakaa siku 100. Ukianza na dozi kubwa kwa siku saba, gramu 140 zimeondoka, karibu nusu ya kopo.

Pima kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, ukisawazisha juu. Kijiko cha chai cha nyumbani hubeba kati ya gramu 3 na 5 kulingana na poda ilivyosagwa. Kikipishana kidogo si tatizo. Kupita gramu 5 hakukuongezei kitu, kwa sababu ghala likijaa ziada inatoka na mkojo.

Ninywe saa ngapi, na nichanganye na nini?

Saa yoyote, mradi usisahau. Baada ya chakula ni vizuri kidogo zaidi, kwa sababu wanga husaidia kriatini kuingia kwenye msuli na tumbo halisumbuki. Haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi: lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha takriban gramu 14 tu, kwa hiyo gramu 5 kwenye glasi zitabaki chini kama mchanga. Si dalili ya poda feki. Ongeza maji kidogo, zungusha, unywe na kile kilichobaki. Kwenye uji wa vuguvugu inayeyuka vizuri na ladha haionekani.

Usiichanganye asubuhi kwenye juisi ya ndimu ukainywa kesho yake. Ikishayeyuka, hasa kwenye kitu kichachu, inaanza polepole kugeuka kuwa kreatinini, ambayo msuli hauna kazi nayo.

Ni kweli inaharibu figo?

Kwa mtu mzima mwenye figo zenye afya, anayetumia dozi niliyoitaja, tafiti hazijaonyesha kwamba inaharibu figo. Imechunguzwa tangu miaka ya 1990, na wapo waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa.

Lakini hofu hii haikutoka hewani. Ina mzizi, na mzizi wenyewe uko maabara. Tazama majina mawili yanayofanana: kriatini ni ile unayokunywa, kreatinini ni takataka inayobaki kriatini inapochakaa. Kila siku asilimia 1 hadi 2 ya kriatini yote mwilini hugeuka kreatinini, inaingia kwenye damu, na figo zinaitupa kwenye mkojo. Kwa vile hutengenezwa kwa kasi ile ile siku hadi siku, madaktari huitumia kama kipimo: ikirundikana kwenye damu, huenda figo zimelegea.

Kipimo hicho kinadhani uzalishaji wa kreatinini haujabadilika. Ukiongeza kriatini, umeongeza uzalishaji. Ukiwa na misuli mikubwa, umeuongeza tena. Ukila nyama iliyochemshwa sana usiku wa kuamkia kipimo, umekula kreatinini yenyewe, kwa sababu moto hugeuza sehemu ya kriatini ya nyama. Namba inapanda ilhali figo zinafanya kazi yake kama jana. Kriatini haiumizi figo zenye afya. Inavuruga karatasi inayozipima.

Nimepima, kreatinini yangu iko juu na nimeambiwa figo zina shida. Nifanyeje?

Kwanza usikimbilie kusema "ni kriatini tu". Inawezekana, lakini inabidi ithibitishwe. Nitaonyesha kwa mfano jinsi jambo hili linavyofuatiliwa.

Chukua kijana wa miaka 27, kilo 84, ana misuli, amekuwa akinywa gramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu. Anapimwa afya kwa ajili ya kazi. Jana yake alipiga miguu jimu hadi kuchechemea, jioni akala nyama choma. Majibu yanasema kreatinini ni maikromoli 124 kwa lita. Maabara nyingi huweka kikomo cha juu cha mwanaume kati ya 105 na 115, kwa hiyo namba inachapishwa na alama ya hatari pembeni. Chini yake kuna mstari wa eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, na umeandikwa 70. Kwa umri wake mtu angetarajia 90 au zaidi. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Lakini hiyo 70 haikupimwa. Imekokotolewa kutoka kwenye ile ile 124, pamoja na umri na jinsia. Mashine haikuuliza uzito wa misuli yake, wala kopo lililo chumbani kwake, wala nyama choma. Namba moja iliyopotoka imezaa ya pili, na mtu anaziona kama mashahidi wawili.

Hatua ya kwanza ni kumweleza daktari kwa kinywa chake kwamba anatumia kriatini, kiasi gani na tangu lini. Vijana wengi wanaficha wakidhani watagombezwa, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Ya pili ni mkojo. Kijiti cha mkojo ni kipimo rahisi kinachopatikana hata kituo cha afya, na kinaonyesha kama kuna protini au damu. Figo zinazoharibika mara nyingi huvujisha protini, na kriatini haifanyi hivyo. Presha nayo ipimwe.

Ya tatu ni kuacha poda na kurudia. Aache kwa wiki nne, asifanye mazoezi mazito siku mbili kabla ya kipimo, asile nyama jioni ya kuamkia, na anywe maji kama kawaida yake. Arudie kwenye maabara ile ile, kwa kuwa mashine tofauti hutofautiana kidogo. Tuseme safari hii kreatinini ni 106, eGFR 85, kijiti cha mkojo hakina protini wala damu, presha 122 kwa 76. Picha inasomeka: namba ilipandishwa na poda, mazoezi na nyama, na kile kinachobaki juu kidogo kinaelezwa na misuli yake. Daktari anaweza kuridhika hapo.

Sasa geuza mfano. Kama baada ya wiki nne bado ni 124, au imepanda, au kijiti kinaonyesha protini, basi kriatini haina hatia, na haiwezi tena kuwa kisingizio. Kuna jambo la kutafutwa, na poda ibaki imefungwa hadi lijulikane. Ukiwa na namba za zamani, za kabla hujaanza poda, zilete. Zinasaidia kuliko maelezo yoyote.

Kipo pia kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei misuli wala kriatini. Hakipo kila maabara, lakini pale namba zinapogongana ndicho cha kuomba.

Ushauri wangu ni kupima kabla ya kufungua kopo la kwanza: kreatinini, mkojo na presha. Ukawa na karatasi yako ya kuanzia.

Nani asiiguse bila daktari?

Mwenye ugonjwa wa figo wa aina yoyote, au mwenye figo moja. Mwenye kisukari au presha ya muda mrefu, kwa sababu magonjwa hayo mawili huharibu figo kimyakimya na mtu anaweza asijue. Mwenye selimundu, kwa sababu hiyo hiyo. Mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa kuwa usalama wake kwao haujachunguzwa vya kutosha.

Kisha kuna dawa, na hapa nasisitiza. Anayetumia ARV zenye tenofovir anafuatiliwa figo kliniki kwa kipimo hicho hicho cha kreatinini, kwani dawa hiyo kwa baadhi ya watu inaweza kugusa figo. Dolutegravir, inayopewa pamoja nayo katika kidonge kimoja, hupandisha kreatinini kidogo bila kudhuru figo, kwa kuzuia njia mojawapo inayotumika kuitoa. Septrin nayo hufanya hivyo. Ukiongeza kriatini juu yake, mhudumu anabaki na namba ambayo hawezi kuisoma, na anaweza kukubadilishia dawa nzuri bila sababu, au akapuuza dalili ya kweli. Mwambie kabla hujaanza. Na wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kila baada ya mazoezi ya mgongo na magoti: hizo ndizo zinazoweza kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji. Nashangaa watu wanavyoogopa poda huku mfukoni wana diklofenaki.

Mkojo wangu umekuwa kama kahawa baada ya mazoezi. Ni poda?

Acha kusoma, nenda hospitali leo. Mkojo wa kahawia au mweusi ukiambatana na misuli inayouma na kuvimba kupita kiasi unaweza kuwa dalili ya misuli kuvunjika na kumwaga yaliyomo kwenye damu, jambo linaloweza kuzima figo. Huletwa na mazoezi ya kujiua, hasa kwa mtu aliyekaa miezi bila kufanya. Kwa huku kwetu daktari atafikiria na malaria kali pia. Vyovyote iwavyo, si la kusubiri kesho.

Inakausha maji na kuleta mikazo kwenye joto?

Watu walidhani hivyo kwa kuwa maji yanaingia kwenye msuli. Wanamichezo waliofuatiliwa wakifanya mazoezi kwenye joto hawakuonekana kupata mikazo zaidi ya wenzao wasioitumia. Kunywa maji kwa kiu yako na uongeze siku ya jua. Hakuna haja ya lita sita.

Inang'oa nywele?

Uvumi huu una chanzo kimoja. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti mdogo wa wachezaji vijana wa raga Afrika Kusini, ambao kiwango chao cha homoni iitwayo DHT kilipanda walipoanza na dozi kubwa. DHT inahusika na upara wa kurithi, watu wakamalizia hadithi wenyewe. Utafiti ule haukuhesabu nywele hata moja. Jaribio la wiki 12 lililochapishwa 2025, ambalo lilipima homoni na nywele zenyewe, halikukuta tofauti kati ya waliokunywa kriatini na wasiokunywa. Kama baba na babu walipata upara, waulize hao.

Ni steroidi? Nikicheza ligi nitafungiwa?

Si steroidi, si homoni, na haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Hatari iko kwenye kopo lililochanganywa na kitu kingine kiwandani au njiani. Mchezaji anayepimwa atafute kopo lenye alama ya Informed Sport, mpango unaopima virutubisho kama vina vitu vilivyopigwa marufuku, kisha aangalie namba ya toleo la kopo lake kwenye tovuti yao kama imepimwa kweli.

Dada zetu je? Itawapa mwili wa kiume?

Hapana. Haina homoni. Dozi ni gramu 3 hadi 5 zile zile, na maji ya wiki za mwanzo huwa kidogo kuliko ya wanaume. Anayejipima kila asubuhi ajiandae kuona mizani imepanda bila kunenepa.

Mdogo wangu ana miaka 15 na anataka kuanza.

Asubiri. Si kwamba imeonekana kumdhuru, ila tafiti kwa umri huo ni chache, na kijana wa miaka 15 anapata nguvu haraka kwa mazoezi, chakula na usingizi. Mfundishe skwati vizuri kwanza.

Ni halali? Na mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Poda haitoki kwenye nyama. Viwandani hutengenezwa kwa kemikali mbili, sakosini na sianamidi, bila mnyama kuhusika. Angalia vidonge vya kapsuli: ganda lake linaweza kuwa la jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe, na lebo zisizosema wazi ziache. Poda tupu inakuondolea shaka hiyo. Katika mfungo, kunywa baada ya futari au kwenye daku pamoja na chakula. Kuikosa siku moja hakupunguzi kitu, kwa sababu maghala hushuka polepole.

Nikiacha, misuli itaporomoka?

Maghala yatarudi kiwango chake cha zamani ndani ya wiki 4 hadi 6, na yale maji yataondoka. Kilo moja au mbili zitapungua, na repu ya mwisho itakuwa nzito. Msuli uliojengwa kwa mazoezi unabaki maadamu unaendelea na mazoezi. Mwili unaendelea kutengeneza kriatini yake kama zamani. Kuacha na kuanza kwa mizunguko, wiki nane ndani na nne nje, hakuna ulazima.

Nitajuaje kopo zuri?

Soma orodha ya viambato. Inapaswa kuwa na kitu kimoja. Ukikuta "mchanganyiko maalumu" usiotaja gramu za kila kimoja, rudisha. Liwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na muhuri ambao haujafunguliwa. Poda yenyewe ni nyeupe, haina harufu, na ladha yake ni kama hakuna au chungu kidogo sana. Ikiwa tamu na kopo halikuandika sukari wala ladha, kuna kilichoongezwa. Poda iliyogawanywa kwenye mifuko ya nailoni na kuuzwa kwa kupima, siinunui hata kwa nusu bei. Hakuna namna ya kujua ni nini.

Poda yangu imeshikana mabonge msimu wa mvua. Nitupe?

Kama imekauka na bado ni nyeupe, yaponde utumie. Ni unyevu wa hewa tu. Ikiwa imelowa kabisa, imebadilika rangi au ina harufu, itupe. Usichote kwa kijiko chenye maji, na usiweke kopo karibu na jiko wala dirishani juani.